Ndugu wa bwana, ndugu wa bibi: deni lililo nyuma ya maneno

Leo tunaingia ndani ya nyumba. Tutasema juu ya ndugu wa bwana na ndugu wa bibi wanaokuja kukata maneno katika nyumba ambayo si yao: pesa iende wapi, mtoto alelewe na nani, watu wakae fasi gani.

Wengine watauliza, kwa sababu gani kipindi cha amani kinashughulika na mama mkwe? Ninyi wenyewe mmeona. Bibi anafukuzwa usiku, anarudi kwao, kaka zake wanashuka kuuliza, watu wa bwana wanawangojea na fimbo, na baada ya juma moja ni vijiji viwili visivyosalimiana sokoni. Siku hizi kuna tena wale wanaokwenda kumtafuta rafiki mwenye bunduki ili amtishe shemeji. Kwa hiyo tuliangalie jambo hili lingali dogo.

Nitawapa mfano wa nyumba moja. Majina sitayataja, na mambo mengine nimeyachanganya ili mtu asimtambue jirani yake. Bwana ni mwalimu. Bibi anauza sambaza na mafuta ya mawese sokoni Kadutu. Wamepanga nyumba ya vyumba viwili kwa dola 40 kwa mwezi. Wana watoto watatu, wa kwanza ni kijana wa miaka tisa. Mama wa bwana anakaa Walungu, baba amekwisha kufa. Mukubwa wa bwana, yule kaka aliyemtangulia, anakaa Bagira katika kiwanja alichokiacha baba yao.

Maneno yalikuwa matatu. La kwanza, kaka alipiga simu kila mara: leo bati, kesho msiba, kesho kutwa mtoto mgonjwa. La pili, mama alitaka yule kijana wa kwanza aletwe Walungu akue kwake. La tatu, kaka alisema: acheni kutupa pesa kwa mwenye nyumba, njoni Bagira mjenge vyumba viwili kando yangu, kiwanja ni cha baba. Bwana alijibu ndiyo kwa kila mtu, kisha akarudi nyumbani akisonya. Bibi akaanza kuficha pesa ya sambaza ndani ya gunia la makala.

Walipokuja kwetu, kila mmoja alitaka tumhukumu mwenzake. Bibi alisema: «Kaka yake ni mlafi.» Bwana akasema: «Bibi yangu hapendi watu wangu.» Sisi tuliuliza swali lingine kabisa: mahari ya bibi huyu ilitoka wapi?

Hapo bwana alinyamaza kidogo, kisha akasema. Mahari ilikuwa ng'ombe sita. Wawili walitoka kwa kaka huyu huyu, na kwa sababu hiyo kaka alichelewa kujenga nyumba yake mwenyewe. Mmoja alikuwa ametoka kwenye mahari ya dada yao. Tena kaka ndiye aliyemlipia bwana minervali ya miaka miwili ya sekondari baba alipougua. Tangu siku ya arusi hakuna mtu aliyetamka jambo hilo. Hakuna aliyesema asante mbele ya watu, hakuna aliyesema ni zawadi, hakuna aliyesema ni mkopo.

Wasikilizaji, shikeni jambo hili, maana katika baraza nyingi nilizokaa nimelikuta tena na tena. Ndugu anayeingilia nyumba mara nyingi anadai deni ambalo halikutajwa. Hawezi kusema «nirudishie ng'ombe wangu», ni aibu. Basi anasema «nipe bati», «leta mtoto», «hamieni hapa». Kwa kuwa deni halina jina wala kiasi, haliishi. Ukimpa bati, deni halipungui. Ukimnyima, linakua. Na bibi, ambaye ng'ombe walitolewa kwa ajili yake, anaonekana kama mali iliyolipiwa na watu wengi, na kila aliyelipa anaona ana haki ya kusema.

Si kila ndugu ana deni nyuma yake. Wako wenye tamaa tu, tuwe wa kweli. Utawatambua hivi: taja alichokutendea, mshukuru mbele ya wazee, kisha uliza ni kitu gani kingemridhisha. Mwenye deni atataja kitu chenye mwisho. Mwenye tamaa atakataa kutaja, kwa maana akitaja atafungwa na neno lake.

Tuliwaomba kwanza waandike. Walinunua kaye ndogo, na kwa miezi mitatu kila franka iliyotoka kwa ajili ya ndugu iliandikwa, iwe ya upande wa bwana au ya upande wa bibi, hata ile ya siri. Hawakubadilisha kitu, waliandika tu. Mwezi wa kwanza zilitoka dola 62, mwezi wa pili 35, mwezi wa tatu 80. Ni kama dola 59 kwa mwezi, na wao wawili pamoja walikuwa wanapata karibu 250. Humo ndani bwana alisoma jambo asilolijua: baba wa bibi alikuwa anapata dola 10 kila mwezi kutoka kwenye gunia la makala. Jioni ile haikuwa nzuri. Lakini bwana hakuweza tena kusema kwamba ni yeye peke yake mwenye watu wa kusaidia, na bibi hakuweza tena kusema kwamba watu wa bwana peke yao ndio wanakula nyumba.

Kisha walipanga, wao wawili, mlango umefungwa, watoto wamelala. Mama wa bwana, dola 15 kila mwezi kwa dawa ya presha na chumvi na sabuni. Baba wa bibi, dola 10, sasa mbele ya macho ya wote. Dola 15 zinaingia katika kopo la msiba na ugonjwa, kwa pande zote mbili, na kopo likiisha limeisha mpaka mwezi mwingine. Kwa ajili ya kaka walifikiri kwa muda mrefu. Mwishowe wakaona: kaka ana binti anayeanza sekondari, na sekondari bado inalipwa. Watamlipia huyo binti miaka miwili, dola 100 kwa mwaka, kama vile kaka alivyomlipia bwana miaka miwili. Hiyo ni karibu dola 8 kwa mwezi. Ukijumlisha yote unapata 48. Waliokoa dola 11 tu, si nyingi. Walichopata ni kwamba sasa walijua mapema ni kiasi gani, na kwamba deni la kaka lilipata mwisho.

Sasa, nani akawaambie ndugu? Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Sheria yetu katika baraza ni hii: kila mtu anasema na watu wake mwenyewe. Bwana anasema na mama yake na kaka yake. Bibi anasema na baba yake. Bibi asimjibu kaka wa bwana kwenye simu, hata akitukanwa. Aseme «shemeji, nitamwambia ndugu yako akupigie», na akate kwa heshima. Neno lile lile likitoka kinywani mwa mtoto wa nyumba ni ugomvi wa ndugu, utapita. Likitoka kinywani mwa mke ni tusi, litakumbukwa miaka ishirini.

Na bwana aseme namna gani? Sikilizeni vizuri, enyi wanaume. Wengi mnasema: «Mimi ningekubali, lakini bibi yangu hataki.» Mnafikiri mmejiokoa. Mmemchoma kisu bibi yenu mgongoni. Tangu saa ile yeye ndiye adui wa ukoo, na siku utakapokufa atalipa neno lile. Sema: «Tumeamua.» Ukiulizwa ni nani aliyeanza, sema tena: «Tumeamua.» Bibi naye kwao asiseme «bwana wangu ni bahili», aseme neno hilo hilo.

Bwana wetu hakwenda moja kwa moja kwa kaka. Alikwenda kwanza kwa baba yake mdogo, yule mzee aliyesimama kuwa msemaji siku ya mahari. Mzee wa namna hii anajua ng'ombe walitoka wapi, na pande zote mbili zilikwisha kumkubali mara moja. Alimpelekea kidumu cha kasiksi, akamweleza yote, pamoja na hesabu ya kaye. Mzee alisema neno moja tu: «Shukuru kwanza. Hesabu baadaye.» Akawaita kaka na mama, siku ya posho mchana, watu watano tu. Vijana hawakuitwa, wala jirani, wala mchungaji ambaye kaka alitaka kumleta.

Bwana akasimama akasema: «Kaka, ng'ombe wako wawili walinipa bibi na watoto. Minervali yako ilinipa kazi. Sikusema, na leo nasema mbele ya mama na baba mdogo.» Akampa mbuzi. Kaka alikaa kimya. Kisha bwana akaeleza habari ya binti na miaka miwili. Mzee akamwuliza kaka: «Je, ikiisha miaka hiyo, utasema bado unadai?» Kaka akajibu kwamba hatasema. Liliandikwa kwenye karatasi moja, watu wanne wakatia sahihi, na mama akatia kidole. Karatasi hiyo haina nguvu ya korti. Nguvu yake ni kwamba mzee anaishika.

Habari ya mtoto ilikwenda kwa njia nyingine. Mama alipoulizwa kwa nini anamtaka kijana, alisema kwanza mambo ya ukoo, kwamba mtoto wa mjini hajui lugha yake. Mzee akauliza taratibu: «Na usiku?» Ndipo akasema kwamba usiku anaogopa, na kwamba chemchemi iko mbali na mgongo unamwuma. Mambo mawili, basi, lugha ya mtoto na upweke wa mama, na dawa yake haikuwa moja. Kijana atakwenda Walungu kila likizo kubwa, tangu shule zinapofungwa mwezi wa saba mpaka juma la mwisho la mwezi wa nane, na huko atasema lugha ya nyanya yake peke yake. Kwa upweke, msichana wa jirani atalala kwa mama na kumchotea maji, naye atapewa sabuni na daftari za shule. Kama wangejibu lile neno la kwanza tu, «ukoo», wangebishana mpaka leo.

Niwaonye hapa juu ya ishara moja. Mtoto akianza kubeba maneno («nyanya amesema mama ni mvivu», «mama amesema usile kwa baba mkubwa»), jueni kwamba watu wazima wamekwisha kushindwa kusemezana. Msimpige mtoto. Mwulizeni aliyemtuma.

Sasa fasi ya kukaa. Hili ni zito zaidi, nami nitakaa juu yake kidogo, kwa sababu pesa ya bati inasahauliwa lakini nyumba haisahauliwi. Kaka alisema kiwanja ni cha baba, njoni mjenge. Maneno matamu, na dola 40 za nyumba ya kupanga zingebaki mfukoni. Sisi tuliuliza: karatasi ina jina la nani? Cheti kilikuwa bado na jina la marehemu baba. Urithi haukugawanywa. Wako watoto saba, wanne wa kike. Katika sheria ya jamaa ya nchi yetu, watoto wote wa marehemu ni warithi sawa, wa kiume na wa kike. Basi kaka hakuwa na haki ya kuwapa fasi ile peke yake, hata kama alisema kwa moyo mweupe. Matofali ya mwalimu yangesimama juu ya ardhi ya watu saba.

Fikirini mwalimu huyo akifa baada ya miaka mitano. Bibi amekaa na watoto watatu katika nyumba waliyoijenga kwa pesa ya sambaza. Ndugu wanasema: hapa ni kwa baba yetu, rudi kwenu. Sheria inamlinda mjane kwa mambo mengi. Katika mali waliyochuma pamoja ana fungu lake mwenyewe, kama hawakuchagua mpango mwingine siku ya ndoa. Katika mali ya marehemu, watoto wanashika robo tatu, na robo inayobaki ni ya mjane, wazazi na ndugu wa marehemu. Tena mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyokaa. Lakini haki hizo zote zinasimama juu ya vitu viwili: ndoa iliyoandikishwa komine, na nyumba inayojulikana kuwa yao. Ndoa ya mahari peke yake, isiyoandikishwa, inamwacha bibi akitafuta mashahidi siku ya matanga. Na nyumba juu ya kiwanja cha ukoo inamwacha akibishana na cheti chenye jina la baba mkwe.

Kwa hiyo walimjibu kaka: tutajenga Bagira siku ambayo urithi wa baba utagawanywa kati ya watoto wote saba, na fungu letu litakapokuwa na mpaka na karatasi yake. Mpaka siku hiyo tutapanga Kadutu. Wakaenda komine kuandikisha ndoa yao, jambo ambalo walikuwa wameliahirisha miaka kumi. Wakijaliwa kununua kiwanja chao wenyewe, majina yote mawili yataandikwa. Na msidanganyike: karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi mbele ya shefu wa kartiye ni ushahidi mzuri, lakini cheti cha kuandikishwa kutoka ofisi ya ardhi ndicho kinachothibitisha haki. Kijijini, juu ya shamba la kalinzi, ulizeni ni nani aliyetoa ng'ombe kwa mwenye udongo na mbele ya mashahidi gani, kabla hamjapanda hata mgomba mmoja.

Wazee wengine watasema: mke anamfuata mume, na mume anakaa kwao. Ndivyo ilivyokuwa hata katika sheria ya jamaa ya 1987. Ilimtaka bibi amfuate bwana popote atakapoona vema kukaa. Sheria hiyo ilibadilishwa Julai 2016. Sasa makao yanachaguliwa na wawili kwa mapatano. Hakuna mahali ambapo sheria inasema mukubwa wa bwana achague.

Njia hii ya baraza la jamaa ina mipaka yake. Kama shemeji amekwisha kupiga, au anatishia kuleta mtu mwenye silaha, au bibi ameitwa mchawi, msiite baraza. Katika baraza la namna hiyo mwenye nguvu anapata watazamaji tu. Hapo bibi na watoto watoke kwanza, wakae kwa mtu wa kuaminika, ndipo mambo yapelekwe kwa viongozi na, pale inapofanya kazi, tribinali ya amani. Vilevile baraza halifai kama wote waliokaa pale wanakula kutoka kwa mtu mmoja. Hesabuni kabla ya kukaa: kuna hata mmoja hapa asiyepata kitu katika uamuzi huu? Kama hayuko, tafuteni mzee mwingine.

Mtauliza iliishaje katika nyumba hii. Mwaka wa kwanza kaka alipiga simu mara mbili kuomba nje ya mapatano. Mara ya kwanza kopo lilikuwa na kitu, akapata. Mara ya pili lilikuwa tupu, akaambiwa hivyo, akakasirika, hakuja Krismasi. Mzee alimwendea na ile karatasi. Binti yake sasa yuko mwaka wa pili. Kijana aliporudi kutoka Walungu alikuwa amekonda kidogo na anajua mithali ambazo baba yake mwenyewe hazijui. Urithi wa Bagira bado haujagawanywa. Dada mmoja anakataa kutia sahihi, naye ana sababu zake. Bwana na bibi wanapanga bado, na gunia la makala sasa lina makala tu.

Juma lijalo, saa ile ile, tutasema juu ya huyo dada: namna gani watoto wa baba mmoja wanaweza kugawa kiwanja pasipo kuitana kortini. Kama mna maswali, andikeni barua na kuiacha redioni, au mpeni msikilizaji wa kikundi chenu ailete.